Njia nyingine, alama zile zile? Jumbe mbili kwa mhadhiri, na ipi ya kutuma

Wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, wote wa Malindi, mmoja kijana wa Barani na mwengine binti wa Shella (Shella yetu ya Malindi, si ile ya Lamu), walimwandikia mhadhiri mmoja kuhusu jambo moja katika wiki moja. Wanasoma kozi ile ile ya nadharia ya namba, na wote wawili walikuwa wamegundua kwamba swali fulani la uthibitisho lina njia fupi kuliko ile iliyofundishwa darasani. Walichotaka kujua ni kama njia hiyo itapewa alama zote. Jumbe zao ninazo kwa sababu wote huja kwenye kikundi chetu cha hisabati cha Jumamosi, na wameniruhusu kuziweka hapa bila majina.

Kijana aliandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nauliza, kwenye mtihani nikitumia njia tofauti na uliyotufundisha lakini iwe sahihi, nitapata alama zote? Asante."

Akajibiwa: "Marahaba. Inategemea swali."

Binti aliandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, nadharia ya namba, darasa la Jumatano. Nauliza kuhusu swali la 4 katika zoezi la induksheni: thibitisha kwamba n³ − n hugawanyika kwa 6 kwa kila namba asilia n. Nimelifanya kwa induksheni, likatoka. Halafu nimeona njia nyingine: n³ − n = (n − 1)n(n + 1), yaani zao la namba tatu zinazofuatana. Kati yao lazima iwepo ya shufwa, na lazima iwepo inayogawanyika kwa 3, kwa hiyo zao lagawanyika kwa 6. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, uthibitisho huu umetimia au una pengo? Pili, swali kama hili likija kwenye mtihani bila kutaja njia, utaupa alama zote? Likitaja induksheni naelewa nitumie induksheni. Asante Mwalimu."

Akajibiwa: "Marahaba mwanangu. Swali lisipotaja njia, naipokea hii na alama ni kamili ukiziba pengo la mstari wa mwisho. Kugawanyika kwa 2 na kwa 3 kwatosha kwa 6 kwa sababu gani? Iandike. Likitaja induksheni, alama za hatua za induksheni sitakuwa na pa kuzitia kwenye kazi yako."

Ukizitazama kwa haraka utasema tofauti ni urefu, na kwamba kijana alionyesha adabu zaidi kwa kutomchosha mhadhiri. Mimi nasema hapana. Ujumbe wa kijana ni wa adabu, lakini haujibiki. Mhadhiri hakuwa mkali alipojibu kwa maneno mawili. Hayo mawili ndiyo yote yaliyokuwa kweli kuhusu swali aliloulizwa. "Njia tofauti lakini sahihi" ni ahadi ya mwanafunzi mwenyewe, na mhadhiri hajaiona hiyo njia. Akisema ndiyo, amejifunga kwa kitu asichokijua, na mwezi ujao ataletewa karatasi yenye nusu ya uthibitisho na ujumbe wake ukiwa umenukuliwa juu. Akisema hapana, atakuwa amesema uongo, kwa kuwa katika hisabati uthibitisho sahihi ni sahihi, na walimu wengi hufurahi kuuona mpya.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua ujumbe, tuziweke njia zenyewe ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo utaona kwa nini jibu linategemea.

Tuanze na induksheni kama ilivyofundishwa. Hatua ya msingi: n = 1, tunapata 1 − 1 = 0, na 0 hugawanyika kwa 6. Kisha dhana: tuseme k³ − k hugawanyika kwa 6 kwa namba fulani k. Kisha hatua yenyewe: (k + 1)³ − (k + 1) ukiipanua na kuipanga unapata (k³ − k) + 3k(k + 1). Sehemu ya kwanza hugawanyika kwa 6 kwa mujibu wa dhana. Sehemu ya pili ina k(k + 1), namba mbili zinazofuatana, na moja yao ni ya shufwa, kwa hiyo zao lao lina 2 ndani yake. Ukilizidisha kwa 3 unapata kizidisho cha 6. Jumla ya vizidisho viwili vya 6 ni kizidisho cha 6. Hitimisho: ni kweli kwa kila namba asilia.

Swali hili likiwa na alama 6, mgao wa kawaida katika mwongozo wa kusahihisha huwa hivi au karibu na hivi: alama 1 ya hatua ya msingi, 1 ya kuitaja dhana waziwazi, 2 za kupanua na kupanga, 1 ya sababu ya 3k(k + 1), na 1 ya sentensi ya hitimisho. Zitazame hizo alama vizuri. Tatu kati yake, yaani msingi, dhana na hitimisho, hazihusu n³ − n hata kidogo. Zinahusu kama unajua umbo la induksheni. Hiyo ndiyo maana ya jibu la mhadhiri kwamba hatakuwa na pa kuzitia. Si kwamba njia ya binti haina thamani. Ni kwamba karatasi inayodai induksheni haiulizi kama n³ − n hugawanyika kwa 6, jambo ambalo mtahini analijua. Inauliza kama wewe unaweza kuendesha induksheni, na binti angeacha hilo bila jibu.

Sasa njia ya kuweka katika vigawo. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha sababu. Induksheni inakuhakikishia kwamba jambo ni kweli, lakini ukimaliza bado unaweza kujiuliza 6 imetoka wapi. Kwenye (n − 1)n(n + 1) unaiona: 2 yatoka kwenye jozi, 3 yatoka kwenye utatu. Tena njia hii inabeba zaidi ya kilichoulizwa. Induksheni iliyoanzia 1 inafika kwenye namba asilia tu. Vigawo vinafanya kazi kwa namba kamili zote, hata hasi. Jaribu n = −4: −64 + 4 = −60, nayo hugawanyika kwa 6.

Lakini ufupi wake una hatari, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama huku wakiamini wameonewa. Mstari wa binti ulisema: zao lagawanyika kwa 2, lagawanyika kwa 3, kwa hiyo lagawanyika kwa 6. Ni kweli. Ila neno "kwa hiyo" limebeba jambo ambalo si kweli kwa kila jozi ya namba. Chukua 12. Hugawanyika kwa 4, hugawanyika kwa 6, na 4 mara 6 ni 24, lakini 12 haigawanyiki kwa 24. Tofauti ni kwamba 4 na 6 zina kigawo cha pamoja, ambacho ni 2, ilhali 2 na 3 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Ni sharti hilo ndilo linaloruhusu kuzizidisha. Kuliandika kwahitaji sentensi moja tu: "kwa kuwa 2 na 3 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, zao hugawanyika kwa 6." Mtahini akiikosa sentensi hiyo katika darasa la mwaka wa kwanza huenda akaipita. Katika kozi ya nadharia ya namba, ambako jambo hilo ni sehemu ya somo lenyewe, ana haki ya kukata alama, nami ningekata.

Pengo la pili liko kwenye "lazima iwepo inayogawanyika kwa 3". Kwa nini lazima? Kwa sababu n ikigawanywa kwa 3 hubaki 0, 1 au 2. Ikibaki 0, ni n yenyewe. Ikibaki 1, ni n − 1. Ikibaki 2, ni n + 1. Baadhi ya wahadhiri watakubali usemi ule bila maelezo haya, wengine hawatakubali. Mistari mitatu haitakula muda wako, iandike.

Kwa hiyo tukizilinganisha njia mbili kama kazi ya mtihani, si kama hisabati tu: induksheni ni ndefu lakini umbo lake linakulazimisha kuandika kila hatua, na hata ukikwama katikati utakuwa tayari umepata alama za msingi na dhana. Vigawo ni vifupi, vinaonyesha sababu, lakini ukiruka sentensi moja hakuna alama za umbo za kukuokoa, na mtahini anayesahihisha bila mwongozo wa njia hiyo atapima kila "kwa hiyo" kwa jicho lake.

Ipo njia ya tatu ambayo binti hakuitaja na kijana, nilipomuuliza, ndiyo aliyokuwa nayo kichwani. Nadharia ndogo ya Fermat inasema kwamba p ikiwa namba tasa, nᵖ − n hugawanyika kwa p. Weka p = 3, umepata kwamba n³ − n hugawanyika kwa 3. Habari ya 2 ni rahisi, kwa kuwa n³ na n huwa zote shufwa au zote witiri, na tofauti yao ni shufwa. Imekwisha. Ni sahihi? Ndiyo, kila neno. Itapata alama zote? Hapa mimi mwenyewe ningesita. Sehemu nzito ya swali, ile ya 3, ndiyo nadharia yenyewe katika hali yake ya p = 3. Ukiitaja tu, umeambiwa uthibitishe jambo, nawe umejibu kwamba jambo hilo lina jina. Na uthibitisho mmoja maarufu wa nadharia hiyo huenda kwa induksheni ile ile ya kupanua (k + 1)ᵖ. Ikiwa nadharia ya Fermat imeshathibitishwa darasani kabla ya zoezi hilo, wengi wataikubali. Ikiwa inakuja wiki tatu mbele, utakuwa umetumia kisichoruhusiwa bado.

Jambo hili lina sura mbaya zaidi, pale njia inapojizunguka. Mfano unaojulikana zaidi uko kwenye kalkulasi: mwanafunzi anaombwa athibitishe kwamba sin x / x hukaribia 1 kadiri x inavyokaribia 0, naye anatumia kanuni ya L'Hôpital. Anatafuta nyambulishi ya sin x, anapata cos x, anaweka 0, anapata 1. Jibu limetoka kwa mistari miwili. Tatizo ni kwamba, katika mtiririko wa kawaida wa kozi, nyambulishi ya sin x ilipatikana kwa kutumia kikomo kile kile anachoombwa akithibitishe. Amekitumia ili kukipata. Hapo hakuna cha "njia nyingine sahihi", na mhadhiri akimpa sufuri hakumdhulumu.

Ndiyo sababu ujumbe wa kijana haungeweza kupata jibu bora. Maneno yake yale yale yangeweza kuandikwa na mwenye vigawo, mwenye Fermat, au mwenye kujizunguka, na hao watatu wanastahili majibu matatu.

Tuje kwenye maneno ya swali, kwa sababu ndiyo nusu ya pili ya "inategemea". Binti aliyanukuu, kijana hakuyanukuu. Swali likisema "thibitisha" bila zaidi, mlango uko wazi, na miongozo mingi ya kusahihisha huwa na mstari unaoruhusu njia nyingine yoyote iliyo sahihi. Likisema "kwa kutumia induksheni", mlango umefungwa. Lile linalowachanganya watu ni la katikati: "kutokana na sehemu (a), onyesha kwamba…" Hapo unatakiwa uipitie sehemu (a), na ukifika kwa njia nyingine unaweza kukosa alama zote za sehemu hiyo. Likiongezwa "au kwa njia nyingine yoyote", basi sehemu (a) ni dokezo tu, chagua utakavyo. Nimewaona wanafunzi wazuri wakiusoma ule wa kwanza kana kwamba ni huu wa mwisho.

Kuna utata mmoja ambao binti aliuona na nampa heko kwa hilo. Swali la 4 lenyewe halikutaja njia. Ni kichwa cha zoezi kilichosema induksheni. Je, kichwa kinalifunga swali? Hilo mtu wa nje hawezi kukujibu. Kila mhadhiri ana desturi yake, na kulijua ndilo jambo pekee katika ujumbe mzima ambalo mwanafunzi hawezi kulipata kitabuni. Kama ningeruhusiwa kubadili kitu katika ujumbe wake, ningemwambia auweke utata huo mbele, kwa sentensi yake: "Kichwa cha zoezi kinasema induksheni lakini swali halisemi, kwa desturi yako, kichwa kinatufunga?" Yeye aliuliza kuhusu mtihani na kuliacha zoezi, na zoezi lilikuwa la kukusanywa Ijumaa.

Je, kuna wakati ujumbe mfupi kama wa kijana unafaa? Upo, ukiwa unauliza kanuni ya kozi nzima na si uthibitisho fulani. Lakini basi uulize hivyo: "Mwalimu, katika kozi hii, swali lisipotaja njia, unapokea njia ambayo hatujafundishwa darasani, na nadharia tusizothibitisha bado twaweza kuzitaja?" Hilo linajibika kwa ndiyo au hapana, na linafaa kuulizwa darasani ili wote wasikie. Ukiwa na uthibitisho mkononi, tuma uthibitisho. Usiandike eti ni sahihi. Uandike wenyewe, na umwombe akuambie kama umetimia. Tazama binti alichopata: alikwenda kuuliza alama, akarudi na pengo alilokuwa halijui, siku nyingi kabla ya mtihani. Pengo hilo lingemgharimu alama hata kama njia yake imeruhusiwa.

Ukiuandika kwenye simu, andika n^3 - n kama hauna herufi ndogo za juu, au piga picha ya karatasi yako kwenye mwanga mzuri, ukurasa mmoja tu. Jina la kozi na namba ya swali viwe ndani ya ujumbe, kwa kuwa mhadhiri huyo ana madarasa mengine.

Baada ya mtihani mambo hubadilika, na hakuna kati ya jumbe hizi mbili unaofaa. Hapo swali si kama njia itapokewa, bali kama ilisahihishwa ilivyostahili. Nukuu maneno ya swali, eleza kwamba hayakutaja njia, taja mstari ambao alama ilikatwa, na uombe kuelezwa pengo liko wapi. Usianze na alama ulizokosa. Na ikiwa swali lilitaja njia, nawe ukatumia nyingine, usiandike kabisa.

Wengine huuliza kama waweke zote mbili kwenye karatasi, induksheni na vigawo, kwa usalama. Mimi siungi mkono. Mtahini akikuta majibu mawili huenda akasahihisha moja tu, na si wewe utakayechagua lipi. Na moja likiwa na kosa, linatia shaka kwenye lile zuri. Muda wa kuandika la pili ni afadhali uutumie kuziba mapengo ya la kwanza.

Na ukikosa jibu hadi siku ya mtihani, kama ilivyomtokea kijana kwa namna fulani, fuata maneno ya swali. Yakitaja njia, itumie hiyo. Yasipoitaja na swali limetoka kwenye mada ya induksheni, fanya induksheni, kwa kuwa hakuna mhadhiri atakayeikataa, na alama zake za umbo ni za uhakika. Vigawo vitumie pale ambapo swali liko wazi na unaweza kuandika, bila kutazama popote, kwa nini 2 na 3 zinatosha kwa 6.